Faili Linafunguka, Msajili Amelikataa

Mwombaji wa shahada ya uzamili aliyeko Tunduma anapakia transkripti yake kwenye mfumo wa udahili wa chuo. Siku chache baadaye anapata ujumbe mfupi kwamba waraka wake umekataliwa kwa sababu umewekewa nywila. Anaubofya kwenye simu, unafunguka bila kumwuliza chochote. Anamrushia rafiki yake aliyeko Vwawa, nako unafunguka. Basi anakaa kumwandikia msajili, na sentensi ya kwanza inayomjia ni kwamba faili lake halina nywila.

Barua hiyo imeharibika kabla haijafika aya ya pili. Msajili ana taarifa ya mfumo inayosema faili limefungwa, na mwombaji ana simu inayomwonyesha kwamba liko wazi. Kila mmoja anasema kweli. Atakayeandika barua bila kujua hilo linawezekanaje ataandika ubishi, hata kama ameupamba kwa "naomba" na "tafadhali" kila mstari. Kwa hiyo adabu ya barua hii inaanzia kwenye faili lenyewe.

Waraka wa PDF unaweza kubeba nywila za aina mbili. Ya kwanza ni ya kufungulia: usipoijua, huoni hata ukurasa mmoja. Ya pili ni ya mwenye waraka, na kazi yake ni kuzuia mambo fulani, kama vile kuhariri, kunakili maandishi au kuchapisha. Faili lenye hii ya pili peke yake humfungukia kila mtu. Nywila ya kufungulia ipo, ila imeachwa tupu, na programu ya kusomea huijaribu hiyo tupu kimyakimya kabla ya kumsumbua msomaji. Hata hivyo maandishi na picha zilizomo ndani vimefumbwa vyote, sawasawa na faili lenye nywila ya kufungulia. Katika maelezo ya muundo wa faili, mara nyingi karibu na mwisho wake, huwa kuna neno `/Encrypt`. Mifumo mingi ya kupokea maombi haihangaiki kuuliza ni nywila ya aina gani. Ikiliona neno hilo inakataa na kutoa jibu moja kwa wote.

Kukataa huko kuna sababu za kiofisi. Maombi ya mtu mmoja huunganishwa kuwa faili moja ili yasomwe na idara, kisha na kamati, na programu ya kuunganisha mara nyingi hukwama au hutoa kurasa tupu ikikuta waraka uliofumbwa. Programu ya kukagua virusi haiwezi kuona ndani ya faili lenye nywila ya kufungulia. Halafu kuna kumbukumbu. Waraka wa mwanafunzi hutafutwa miaka mingi baada ya kuhitimu, wakati aliyejua nywila keshasahau au keshahama. Ndiyo maana PDF/A, kiwango cha kimataifa cha nyaraka za kuhifadhiwa kwa muda mrefu kilichotolewa mwaka 2005, kimekataza kabisa kufumba faili.

Hapa nchini tatizo hili halimpati kila mwombaji kwa kiasi kimoja. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, waombaji wa shahada ya kwanza huomba moja kwa moja vyuoni badala ya kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Lakini mhitimu wa kidato cha sita huandika namba yake ya mtihani, na matokeo huvutwa kutoka NECTA. Mwenye stashahada hutumia namba ya uthibitisho ya AVN kutoka NACTVET. Transkripti yao haina nafasi kubwa ya kuleta balaa. Wanaokumbwa hasa ni waombaji wa uzamili, ambao hupakia karibu kila kitu wenyewe, na wale wenye vyeti vya nje. Kundi hili la pili lina uzito wake mkoani Songwe. Tunduma na Nakonde zimegusana, na kuna watoto waliosoma upande wa pili wakarudi na vyeti vya Baraza la Mitihani la Zambia. Hao hulazimika kupata ulinganifu kutoka NECTA kwanza, kisha wapakie cheti pamoja na barua ya ulinganifu.

Nani hulifunga faili? Mara nyingi si mwombaji. Chuo alichosoma kinaweza kumtumia transkripti ya kielektroniki yenye zuio la kuhariri, ili asije akabadilisha alama. Hilo ni jambo la busara kwa aliyetoa na kero kwa anayepokea. Njia nyingine ni programu za skani kwenye simu. Tunduma imejaa ofisi za uwakala wa forodha, na ankara za wateja zinazopita pale hufungwa kwa nywila kabla ya kutumwa. Mfanyakazi akiskani cheti chake kwa simu hiyohiyo ya kazi, huenda mpangilio wa kufunga ukawa bado umewashwa. Tatu ni steshenari, ambako faili huunganishwa na kupunguzwa ukubwa kwa programu ambayo mteja haijui wala haioni.

Kabla ya kuandika neno lolote kwa msajili, faili likaguliwe. Kwenye kompyuta yenye Adobe Acrobat Reader, faili lililofungwa huweza kuonyesha neno `(SECURED)` juu ya dirisha. Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye `Properties`, kichupo cha `Security`. Pakiandikwa `No Security`, faili liko huru. Pakiandikwa `Password Security`, bonyeza `Show Details` na usome mistari miwili: `Document Open Password` na `Permissions Password`. Mstari wa kwanza ukisema `No` na wa pili `Yes`, hapo umekutana na faili linalofunguka lakini limefungwa. Palipo na programu ndogo ya bure iitwayo qpdf, amri moja inatosha:

```
qpdf --show-encryption transkripti.pdf
```

Faili huru hujibiwa `File is not encrypted`. Lililofungwa huorodhesha kinachoruhusiwa na kinachozuiwa, mfano `modify anything: not allowed`. Asiye na programu yoyote anaweza kulifungua faili kwa Notepad na kutafuta `/Encrypt`. Ataona vurugu ya herufi zisizosomeka, lakini neno lenyewe halifumbwi, kwa hiyo kama lipo ataliona.

Sasa kuondoa kufuli, na hapa ndipo suala linapokuwa gumu kuliko waombaji wengi wanavyodhani. Kwa faili alilolifunga mwenyewe hakuna tatizo. Anarudi kwenye programu ya skani, anazima mpangilio wa nywila, anatoa faili jipya. Lakini transkripti iliyofungwa na chuo si faili lake peke yake, ingawa jina lililoandikwa juu ni lake. Zuio liliwekwa ili msajili wa chuo kinachopokea awe na imani kwamba alama hazikuguswa. Amri ya `qpdf --decrypt` inaweza kutoa nakala huru bila hata kuijua nywila ya mwenye waraka. Kwa mwombaji huo ni urahisi. Kwa msajili ni swali: kama umeweza kuondoa kufuli, umeweza kuondoa nini kingine? Tena kama transkripti ina saini ya kidijitali, nakala iliyofunguliwa hivyo hupoteza uhalali wa saini hiyo, na programu ya msajili itamwonyesha wazi kwamba waraka umebadilishwa baada ya kusainiwa. Mwombaji mwaminifu kabisa atakuwa ameleta kitu chenye sura ya kughushi.

Njia iliyo safi zaidi ni kuuomba waraka kwa aliyeutoa: chuo cha awali kitume transkripti isiyofungwa, na ikiwezekana kiitume chenyewe kwenye ofisi ya udahili. Ubaya wake ni muda. Dirisha likibaki siku tatu, barua kwenda chuo cha zamani na majibu yake havitoshi.

Ipo njia ya kati ambayo taasisi zetu zimeizoea miaka yote. Kama zuio haligusi uchapishaji, mwombaji anaichapisha transkripti kwenye karatasi, anakwenda kwa wakili Tunduma au Vwawa akiwa na nakala halisi au simu yenye faili la awali, wakili anailinganisha na kugonga mhuri wa nakala halisi ya waraka, kisha karatasi hiyo inaskaniwa upya. PDF inayotoka hapo haina kufuli, na ina jina na mhuri wa mtu anayewajibika kisheria kwa alichokithibitisha. Picha haitakuwa kali kama ya faili la awali, na ada ya wakili itatoka mfukoni. Hata hivyo, kwa maoni yangu, inaushinda ufundi wa qpdf katika barua inayokwenda kwa msajili, kwa sababu inaeleza yenyewe waraka ulivyopita. Kwa faili lenye nywila halisi ya kufungulia, ambayo mwombaji anaijua, njia ni ileile.

Jambo moja lisifanywe: kutuma nywila kwenye barua pepe ukamwachia msajili kazi ya kufungua. Wengi huona huo ndio wepesi. Lakini mfumo hautakubali faili lile hata msajili akiwa na nywila kiganjani, kwa hiyo umemwongezea kazi ya kutengeneza waraka wako na kuubeba kama wake. Na nywila hiyo, ambayo aghalabu ni tarehe ya kuzaliwa au namba ya simu, sasa imo ndani ya barua itakayosambazwa kwa maofisa watatu au wanne.

Tumchukue basi mwombaji wa mfano, mfanyakazi wa ofisi ya uwakala wa forodha Tunduma, anayeomba uzamili wa usimamizi wa biashara. Amekagua, amegundua ni zuio la kuhariri, amepata mhuri wa wakili. Kwanza anaingia kwenye akaunti yake ya maombi kuona kama sehemu ya kupakia bado iko wazi. Ikiwa wazi anapakia na mambo yamekwisha, hakuna barua. Ikiwa imefungwa, anaandika hivi:

> Ombi la kuwasilisha upya transkripti: Maombi Na. (namba), Uzamili wa Usimamizi wa Biashara
>
> Ndugu Msajili,
>
> Mimi ni mwombaji mwenye namba iliyotajwa hapo juu. Niliwasilisha maombi yangu tarehe 9 Agosti na kulipa ada kwa kumbukumbu namba (namba). Tarehe 14 Agosti nilipokea taarifa kwamba transkripti yangu imekataliwa kwa kuwa faili limewekewa nywila.
>
> Nimelikagua faili na kukuta taarifa hiyo ni sahihi. Linafunguka bila nywila, lakini chuo kilichonipa kililiwekea zuio la kuhariri. Sikulifungua kwa programu yoyote. Nimeichapisha transkripti, imethibitishwa na wakili, na nakala iliyoskaniwa nimeiambatisha. Haina nywila wala zuio. Faili la awali ninalo, na ninaweza kukiomba chuo kilichonipa kiwatumie transkripti moja kwa moja mkihitaji hivyo.
>
> Naomba faili hili lipokelewe badala ya lile lililokataliwa, au nifunguliwe sehemu ya kupakia ili niliweke mwenyewe. Naomba pia maombi yangu yaendelee kutambuliwa kwa tarehe 9 Agosti. Ikiwa utaratibu hauruhusu, naomba kuelekezwa kama ninaweza kuhamishiwa dirisha linalofuata kwa ada niliyokwisha kulipa.
>
> Natanguliza shukrani.
>
> (Jina kama lilivyo kwenye cheti, namba ya simu, Tunduma, Songwe)

Barua hii haikuanza na "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Sina ugomvi na mstari huo kwenye karatasi yenye anwani mbili na kumbukumbu namba, huko ndiko kwake. Kwenye barua pepe inayosomwa pamoja na nyingine mamia, unachukua nafasi ya sentensi pekee ambayo ofisa ana uhakika wa kuisoma. Afadhali nafasi hiyo ipewe namba ya maombi. Shikamoo nayo haiandikwi hapa. Itatolewa kwenye simu, kama mwombaji atapiga kuulizia na sauti itakayopokea ni ya mtu mzima.

Maneno "kukuta taarifa hiyo ni sahihi" yanafanya kazi kubwa kuliko samahani tatu. Yanamwambia msajili kwamba hakuna ubishi wa kuamua, na kwamba aliyeandika ameelewa kilichotokea na hatalileta faili lilelile kwa jina jipya. Hilo la jina jipya si mzaha. Kubadilisha `transkripti.pdf` kuwa `transkripti_mpya.pdf` na kulipakia tena ni kosa linalorudiwa sana, na ofisa aliyekutana nalo asubuhi hana subira ya kukutana nalo jioni.

"Sikulifungua kwa programu yoyote" inajibu swali ambalo msajili angeliwaza bila kuliuliza. Kama mwombaji amelifungua kweli, aseme hivyo na ataje alichotumia. Kuficha ni hatari zaidi, kwa kuwa maelezo ya ndani ya PDF mara nyingi huhifadhi jina la programu iliyolitengeneza faili na tarehe. Transkripti ya mwaka 2019 yenye alama ya kutengenezwa juzi kwa programu ya simu itaulizwa. Skani ya karatasi yenye mhuri inajieleza, maana kila mtu anategemea iwe mpya.

Ombi lenyewe limepangwa ili liweze kujibiwa kwa neno moja. Msajili anaweza kukubali faili, au kufungua mfumo, au kupeleka mbele. Barua zinazoomba "msaada wako wa hali na mali" humwachia yeye kubuni msaada wenyewe, na jibu lake huwa kwamba suala linashughulikiwa. Suala la tarehe lina uzito wa pekee. Usipoliomba, faili jipya linaweza kuhesabiwa kama maombi mapya yaliyokuja baada ya muda, na hakuna aliyekukosea.

Kuhusu tarehe na saa, Tunduma ina mtego wake. Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia. Simu iliyo karibu na mpaka hunasa minara ya Nakonde, na kama imeachiwa ijipangie saa yenyewe, hurudi nyuma saa nzima bila kumwambia mtu. Mwombaji anayeona saa tano kasorobo usiku kwenye simu anaweza kuwa tayari yuko saa sita kasorobo ya chuo, zikiwa zimebaki dakika kumi na tano tu dirisha lifungwe. Kwa kuwasilisha upya ni hivyohivyo: msajili akisema "hadi saa kumi alasiri", ni saa kumi ya Tanzania. Mpangilio wa saa ufungwe kwa mkono kwenye saa za Afrika Mashariki kabla ya wiki ya mwisho. Na anayetaja muda ndani ya barua aandike "saa za Tanzania", kwa sababu barua pepe yenyewe inaweza kubeba saa ya simu iliyofuata saa za Zambia ikaonekana inapingana na kumbukumbu za mfumo.

Je, msajili anaweza kukubali? Inategemea ngazi. Kwa uzamili, tarehe nyingi hupangwa na chuo chenyewe, na faili lililokataliwa kwa sababu ya kiufundi, la mtu aliyewasilisha ndani ya muda, ni ombi ambalo ofisi ina nafasi ya kulitazama hadi majina yapelekwe kwenye kamati. Kwa shahada ya kwanza nafasi ni finyu. Udahili huenda kwa awamu kwa kalenda ya TCU, na awamu ikifungwa chuo hupeleka majina ya waliochaguliwa kwenye Tume kwa uhakiki. Msajili hana mamlaka ya kurudisha siku ambayo kalenda imeifunga. Mwombaji wa ngazi hiyo aombe awamu inayofuata moja kwa moja, maana kusihi kuingizwa katika awamu iliyokwisha ni kumwomba ofisa kitu asichokuwa nacho.

Anwani nayo itazamwe. Vyuo vingine havina mtu anayeitwa msajili. Udahili huwa chini ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, au kurugenzi ya shahada za uzamili, na maombi hupokelewa na dawati la udahili. Barua iende kwenye anwani iliyomo ndani ya ujumbe wa kukataliwa, ikiwezekana kwa kuujibu ujumbe huohuo, ili aliyekataa aione historia yote mahali pamoja. Kuisambaza kwa ofisi tano kwa wakati mmoja humaanisha kila moja itadhani nyingine inajibu.

Jibu likija kwamba sehemu ya kupakia imefunguliwa, faili likaguliwe tena kabla ya kulipakia, hasa kama limepitia steshenari kupunguzwa ukubwa. Baada ya kupakia, mwombaji alipakue kutoka kwenye mfumo wenyewe, alifungue, ahesabu kurasa, na aangalie tena kichupo cha `Security`. Hilo alilolipakua ndilo kamati italiona, wala si lile lililobaki kwenye flashi.